Kampuni ya Uingereza imefutwa: jinsi ya kusoma jalada lake na kujua kama deni lako bado linadaika

Wanunuzi wa magari wa Mombasa na Dar es Salaam hukutana na jambo hili mara nyingi: wametuma malipo ya awali kwa kampuni ya Uingereza, kisha simu hazipokelewi na barua pepe zinarudi. Kabla ya kulipa wakili, fungua daftari la kampuni la huko. Kutafuta ni bure, na nyaraka nyingi husomeka hapohapo.

Hatua ya 1: tafuta kwa namba, si kwa jina. Nenda hapa:

```
find-and-update.company-information.service.gov.uk
```

Namba ya usajili ina tarakimu nane, na mara nyingi iko chini ya ankara. Za Uskoti huanza na SC, kisha tarakimu sita. Jina peke yake linapotosha, kwa sababu kampuni ikishafutwa mtu mwingine anaweza kusajili jina lilelile. Ukiona kampuni hai yenye jina unalolitafuta, linganisha tarehe ya kuanzishwa na tarehe ya ankara yako. Kampuni iliyozaliwa baada ya wewe kulipa si mdaiwa wako.

Hatua ya 2: usiishie kwenye neno Dissolved. Neno hilo linakuambia tu kwamba kampuni haipo tena. Iliondokaje, utalijua kwenye kichupo cha `Filing history`, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ukikuta nyaraka zenye alama LIQ02, 600 na mwishoni LIQ14, kampuni ilifilisika na mfilisi akateuliwa. Hiyo LIQ14 ni hesabu ya mwisho ya mfilisi: isome uone kilichokusanywa, gharama zilizokatwa na wadai wa kawaida walipata nini. Mara nyingi hawapati kitu. LIQ01 ni habari tofauti kabisa: wakurugenzi waliapa kwamba kampuni inaweza kulipa madeni yake yote. Kama ufilisi bado unaendelea, hali itasomeka `Liquidation`. Mpelekee mfilisi uthibitisho wa deni mara moja, pamoja na ankara na risiti ya benki.

Ukikuta DS01, hapakuwa na mfilisi. Wakurugenzi wenyewe waliomba kampuni ifutwe. Ukikuta GAZ1, yaani tangazo la kwanza la ufutaji, bila DS01, msajili ndiye aliyeanza, kwa kawaida kwa sababu hesabu au taarifa za mwaka hazikupelekwa.

Hatua ya 3: panga tarehe. Chukua mfano huu wa kubuni. Mnunuzi alituma pauni 4,200 tarehe 9 Septemba 2024. Jalada linaonyesha DS01 ya 24 Oktoba 2024, tangazo la kwanza GAZ1(A) la 5 Novemba, na la mwisho GAZ2(A) la 21 Januari 2025. Kampuni ilikufa siku ya tangazo hilo la mwisho.

Sheria ya Kampuni ya 2006 hairuhusu maombi haya ikiwa kampuni imefanya biashara ndani ya miezi 3 iliyotangulia. Hapa ilipokea pesa mwezi mmoja na nusu tu kabla. Isitoshe, wakurugenzi walipaswa kumpelekea kila mdai nakala ya maombi ndani ya siku 7. Kukiuka hayo ni kosa la jinai, na tarehe ya risiti yako ya benki pamoja na ile ya DS01 kwenye jalada ni ushahidi wako.

Laiti mnunuzi angetazama daftari kabla ya Januari, angepeleka pingamizi kwa msajili bila kwenda mahakamani. Hali huwa `Active proposal to strike off`, na tangazo hukaa angalau miezi 2. Pingamizi likikubaliwa, jalada huonyesha kwamba ufutaji umesimamishwa.

Hatua ya 4: baada ya kufutwa. Kampuni iliyofutwa haishtakiki, na mali iliyobaki, pamoja na salio la benki, huwa ya Taji, yaani dola ya Uingereza. Deni halihamii kwa wakurugenzi eti kwa sababu kampuni imekufa. Wengi hukosea hapo na kumwandikia mkurugenzi barua za vitisho zisizo na nguvu.

Njia ya mdai ni kuomba mahakama irudishe kampuni kwenye daftari, ndani ya miaka 6 tangu kufutwa. Katika mfano wetu, hadi Januari 2031. Ile njia nyepesi ya kuomba kwa msajili ni ya wakurugenzi na wanahisa wa zamani tu, tena pale msajili alipofuta mwenyewe. Usisubiri mwaka wa mwisho: nchini Uingereza na Welisi deni la mkataba nalo hukoma baada ya miaka 6, kuanzia siku mkataba ulipovunjwa, yaani mapema zaidi.

Kwa pauni 4,200, gharama za wakili zinaweza kuimeza hela yenyewe. Fungua kwanza hesabu za mwisho zilizowasilishwa. Kama mali yote ya kampuni ilikuwa pauni 100 za hisa, kuirudisha hakutakulipa. Njia inayobaki ni kupeleka malalamiko kwa `Insolvency Service`, ambayo tangu sheria ya 2021 inaweza kuchunguza wakurugenzi wa kampuni zilizofutwa na kuomba wazuiwe kuongoza nyingine.