Kufua mashuka ya mgonjwa wa kuhara nyumbani kwa madumu mawili ya maji

Kazi yangu ni kufua nguo za wodini, na swali ninalokutana nalo sana kwa ndugu wa wagonjwa ni "nitie dawa gani?" Dawa huja mwishoni. Kinyesi kikibaki kwenye shuka, klorini yote uliyotia inaishia kupambana na uchafu na vijidudu vinabaki salama. Kwa hiyo mpango ni huu: ondoa uchafu, fua kwa sabuni, kisha chagua kimoja kati ya moto na klorini.

Tuchukue nyumba moja huku Newala. Bibi anaharisha, mkwe wake ndiye anayemuuguza. Zimetoka shuka mbili nyeupe, foronya, khanga doti moja na gauni. Uwanda wa Makonde hauna maji ya kuchezea, hivyo tumpe madumu mawili ya lita 20, yaani ndoo nne za lita 10.

1. Kutoa nguo kitandani

Vaa glovu za mpira na funika pua na mdomo kwa kitambaa. Usikung'ute shuka. Kunja kutoka pembeni kuelekea katikati ili uchafu ubaki ndani, uitie moja kwa moja kwenye beseni, na beseni hilo libaki la mgonjwa tu. Usilibebe bunda kifuani kama mtoto. Ndivyo gauni lako nalo linavyokuwa nguo ya mgonjwa.

Kama choo chake kimekuwa maji yanayofanana na maji ya mchele na kinatoka mfululizo, acha kufua. Mpe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, mwende kituo cha afya sasa hivi.

2. Kuondoa uchafu kwa maji baridi (ndoo ya kwanza)

Kinyesi kizito kikwangue kwa kijiti au karatasi, kitupe chooni. Halafu suuza kwa maji baridi, siyo ya moto, kwa sababu moto hugandisha damu na uchafu kwenye nyuzi za kitambaa na doa halitoki tena. Maji haya yaende chooni. Yasimwagwe uani, wala karibu na kisima au tangi la maji ya mvua. Ufuaji huu haufanyiki mtoni.

3. Sabuni (ndoo ya pili)

Sabuni ya unga au ya mche, yoyote inatosha. Mlio karibu na bahari, ambako maji ya kisima ni magumu, sabuni hugoma kutoa povu na huacha utando mweupe. Hapo tumieni ya unga, na mwongeze mpaka povu lisimame. Anza na nguo isiyochafuka sana: gauni, khanga, foronya, shuka mwisho. Khanga mpya inayochuja usiichanganye na shuka. Ukimaliza, kamua vizuri, kwa sababu maji machafu yanayobaki ndani ya nguo yatapunguza nguvu ya hatua inayofuata.

4. Kuua vijidudu (ndoo ya tatu)

*Kwa moto.* Kwenye ufuaji wa hospitali kipimo kinachotumika ni maji ya nyuzi 70 za selsiasi au zaidi kwa dakika 25. Nyumbani hakuna kipimajoto, lakini kuna ishara moja: maji ambayo mkono wako unayavumilia hayajafika. Yale "ya uvuguvugu" yanayosifiwa sana husaidia sabuni tu.

Shuka nyeupe za pamba na foronya ziweke kwenye sufuria kubwa, maji yazifunike, na yakianza kuchemka kweli hesabu dakika tano hadi kumi. Khanga na gauni la rangi zitie kwenye ndoo, changanya sehemu tatu za maji yanayotokota na moja ya maji baridi. Mchanganyiko huo hufika karibu nyuzi 80, na nguo zenye unyevu huushusha kidogo. Funika ndoo kwa mfuniko, tandika gunia juu yake, acha nusu saa. Geuza kwa mwiko mrefu, na watoto wakae mbali.

*Kwa klorini.* Mkaa ukiwa ghali, tumia jiki isiyo na rangi. Soma lebo kwanza; hesabu hii ni ya jiki ya asilimia 3.5, na tarehe yake isiwe imepita. Kwa lita 10 za maji baridi tia mililita 145, yaani robo ya chupa ya maji ya nusu lita na kijiko kimoja na nusu cha chakula juu yake. Hapo umepata asilimia 0.05. Loweka nguo zizame zote kwa nusu saa. Ikiwa mgonjwa ana kipindupindu, ongeza hadi mililita 610 kwa lita 10 hizo hizo, ambayo ni asilimia 0.2, na dakika kumi zinatosha.

Jiki hufifisha khanga na huharibu sufi na hariri, kwa hiyo mkwe wetu ataichagua kwa shuka nyeupe na khanga atazipeleka kwenye maji moto. Usitie jiki kwenye maji ya moto, nguvu yake hupotea. Usiimimine juu ya nguo yenye mkojo, wala usiichanganye na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo. Hutoka hewa inayochoma macho na kifua. Ikitokea, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Utajuaje imeishiwa nguvu? Baada ya nusu saa maji yakiwa ya kahawia na harufu ya jiki imekwisha, hatua ya pili na ya tatu hazikufanyika sawasawa. Mwaga, rudia sabuni, changanya nyingine. Iliyochanganywa jana usiitegemee leo.

Na ile dawa ya kahawia inayogeuka maziwa ukiitia majini? Inanukia usafi, lakini virusi kadhaa vinavyoleta kuhara havitishiki nayo. Kwa kazi hii ningeiacha dukani.

5. Kusuuza na kuanika (ndoo ya nne)

Suuza, kamua, anika kwenye kamba juani, shuka ikiwa imetandazwa siyo kukunjwa mara mbili. Jua la Mtwara ni msaada mzuri, ila halichukui nafasi ya hatua ya nne. Usianike kwenye majani wala chini ya mwembe: kuna nzi anayetaga kwenye nguo yenye unyevu kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Wakati wa mvua, nguo zisipokauka, piga pasi ya mkaa pande zote mbili, ukikaza kwenye pindo na mishono, maana hapo ndipo unyevu unapojificha.

Godoro halifuliki. Livalishe nailoni nene chini ya shuka, uifute kila siku kwa maji ya sabuni, kisha kwa ile jiki ya 0.05.

6. Kumalizia

Osha beseni, ndoo na glovu kwa sabuni, zipitishe kwenye jiki. Kisha vua glovu, uvianike vyote na unawe mikono kwa sabuni, hata kama glovu hazikutoboka. Beseni la mgonjwa liendelee kutengwa mpaka zipite saa 48 tangu kuhara kukome, kwa sababu vijidudu huendelea kutoka hata bibi akiwa ameshaanza kula ugali wake.