SOMO: Mende wadogo wa jikoni, mitego kwanza, kopo la dawa liweke kando

Nimechoka kuulizwa "nipulize dawa gani?" Naandika mara moja.

1. Funika vyakula, futa mafuta nyuma ya jiko, toa taka kabla ya kulala. Haya mnayajua.

2. Kausha sinki usiku na rekebisha bomba linalovuja. Mende huyu huvumilia njaa kuliko kiu.

3. Weka mitego ya gundi sita, iguse ukuta, uiandike namba. Baada ya siku tatu, hesabu. Kwangu nyuma ya friji walinasa 23, chini ya sinki 6, kwingine kote wawili tu. Wale 23 wengi walikuwa watoto wasio na mabawa, na watoto hawaendi mbali na maficho. Kumbe makazi yalikuwa kwenye mota ya friji, wakati mimi nilikuwa nahangaika na sinki.

4. Chambo cha jeli. Weka vitone vya ukubwa wa punje ya mchele kwenye nyufa na bawaba karibu na maficho, mbali na chakula na mikono ya watoto.

Hapa ndipo nilipoharibu. Niliweka jeli, usiku nikaona wawili, nikashika kopo nikapuliza. Dawa nyingi za kupuliza huwafukuza mende, na zikigusa chambo hawakili tena. Jeli ilikaukia palepale, na wiki iliyofuata nikawakuta chumbani, ambako hawakuwahi kufika. Tena jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, na dawa haipenyi vizuri humo. Jeli huua polepole: mende anakula, anarudi kufia maskani, wenzake wanakula kinyesi na mzoga wake, nao wanakufa. USIPULIZE karibu na jeli.

5. Hesabu kila wiki. Nilipoanza upya nilipata 23, kisha 9, 11, 3, 0. Ukifika sifuri, acha mitego mwezi mzima zaidi.

MASWALI

— Mkuu, nitajie dawa ya kupuliza inayoua fasta.
Hatua ya 4.

— Nimeisoma, ila nikimwona mmoja anakatiza?
Kandambili.

— Samahani kaka, mbona wiki ya tatu ulipanda kutoka 9 hadi 11? Jeli ilishindwa?
Swali zuri, dada. Wakubwa walipungua, ila mayai yaliyokuwa vifukoni yalianguliwa. Ndiyo maana hesabu wakubwa peke yao na watoto peke yao, na uongeze jeli mbichi wakati huo. Ingekuwa wakubwa hawapungui na jeli haijaguswa, ningenunua yenye kiambato kingine, si chapa nyingine tu. Soma nyuma ya pakiti.

— Mimi jeli naweka nyingi kwa mkupuo, haifanyi kazi. Somo lako lina kasoro.
Tone kubwa hukauka juu kabla halijaliwa. Nimeandika punje ya mchele, sikuandika kijiko.

— Nyongeza: wangu waliingia na friji la mtumba. Siku hizi naweka mtego mmoja chini ya kila kifaa kilichotumika kabla hakijaingia jikoni.
Hii naiongeza juu. Na maboksi pia, wanapenda kujificha kwenye mikunjo yake.