Kuandika rolbaki kwenye gemu ya ngumi: lagi inajificha wapi?

Gemu nyingi za ngumi huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inakaa kama milisekunde 16.7. Tuseme mimi na wewe tunapigana mtandaoni na pingi ni milisekunde 100. Hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Kitufe chako kinanifikia baada ya milisekunde 50, yaani fremu 3. Hakuna msimbo utakaozifuta fremu hizo. Tunachoweza kuchagua ni nani azilipe.

Netikodi ya kusubiri inavitoza vidole. Mashine yangu haichezi fremu mpaka iwe na vifungo vyetu sote vya fremu ile, kwa hiyo kila ninachobonyeza kinacheleweshwa fremu 3, hata kupiga hatua moja nyuma. Pingi ikiyumba ndiyo balaa: kifurushi kimoja kikichelewa, gemu nzima inasimama, na kombo uliyoizoea mazoezini inakukatalia kwa sababu mdundo wake umevurugika.

Rolbaki inaitoza picha. Mashine haisubiri: inakisia ulichobonyeza, inaendelea, na ikigundua imekosea inarudi nyuma kusahihisha. Tony Cannon aliifanya njia hii ijulikane kwa maktaba yake ya GGPO, ambayo msimbo wake uliachwa wazi mwaka 2019. Hata usipoitumia, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: vifungo vilevile, matokeo yaleyale

Kinachosafiri mtandaoni ni vifungo tu, si mahali alipo mpiganaji wala damu iliyobaki. Mashine zote mbili zikipewa vifungo sawa lazima zifike mahali pamoja. Saa ya kompyuta isiguse mapigano, na namba za kubahatisha zitoke kwenye mbegu moja. Mimi nilipoteza siku mbili kwa sababu mtikisiko wa kamera ulikuwa unachota namba kutoka chungu kilekile cha mapigano. Kwangu umeshashinda, kwako bado tunapigana.

Hatua ya 2: hifadhi na urudishe hali

Kila fremu, nakili kila kinachoamua pambano: mahali, kasi, damu, fremu ya pigo linaloendelea, mbegu ya bahati. Vumbi na cheche za mapambo ziache. Ukiviweka vyote kwenye muundo mmoja wa data usio na vielekezi, kunakili ni mstari mmoja tu.

Hatua ya 3: kisia, kisha rekebisha

Kisio ni rahisi mno: chukulia mpinzani bado ameshika alichokuwa ameshika. Kinapatia mara nyingi kwa sababu mashine inasoma vifungo mara 60 kwa sekunde, na vidole vya binadamu havibadiliki kwa kasi hiyo.

Sasa tuweke ucheleweshaji wa fremu 1 kwenye vifungo. Unabonyeza teke kwenye fremu ya 100, kwa hiyo linaanza fremu ya 101. Habari inanifikia nikiwa naingia fremu ya 103. Fremu za 101 na 102 nimeshazicheza nikidhani umesimama tu.

```
if (halisi != kisio) {
    rudisha(101);
    for (f = 101; f < 103; f++) {
        hifadhi(f);
        cheza(vifungo[f]);
    }
}
hifadhi(103);
cheza(vifungo[103]);
chora();
```

Angalia `chora()` iko nje ya kitanzi: marekebisho hayaonekani. Ninachokiona ni teke lako likianzia fremu yake ya tatu. Kama teke hilo linagonga kwenye fremu ya 8, mwanzo uliorukwa ni mguu kuanza kuinuka tu. Jicho halishtuki, nami bado nina nafasi ya kukinga. Hapo ndipo lagi inapojificha. Ngumi ya haraka inayogonga fremu ya 4 haina mwanzo wa kutosha kuificha, ndiyo maana mpinzani mwenye pingi kubwa huonekana kama anaruka kimazingaombwe.

Sauti inahitaji uangalifu wake. Usipoandika ni fremu gani tayari imelia, pigo moja litalia mara mbili.

Hatua ya 4: weka kikomo

GGPO haikisii zaidi ya fremu 8. Ikifika hapo inasubiri. Pima pia nguvu ya mashine: kama fremu moja ya mapigano inachukua milisekunde 3, kurudia fremu 7 ni milisekunde 21, na umeshapitwa na muda.

Hatua ya 5: jaribu bila mtandao

Kila fremu, rudi nyuma moja kwa makusudi, icheze tena, kisha linganisha jumla ya data na ya mwanzo. Zikitofautiana, kuna kitu umesahau kuhifadhi. GGPO ina `ggpo_start_synctest` kwa kazi hii. Baada ya hapo ndipo uongeze lagi bandia.

Mkicheza wawili na mmoja tu akalalamika kuwa picha inaruka, tazama saa zenu kabla ya kulaumu mtandao: mashine yake huenda imetangulia fremu kadhaa, kwa hiyo inakisia kwa niaba ya zote mbili. Ipunguze mwendo kidogo, fremu moja baada ya nyingine, mpaka ziwe sambamba.