Maswali 40 kwa siku na daftari moja la makosa

USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, ina maswali yasiyozidi 280, yote kwa siku moja ya saa nane. Mimi nilijiandaa nikiwa kazini hapa Mombasa, navuka Likoni kwa feri kwenda na kurudi zamu.

Kwanza piga hesabu. Benki ya mazoezi yenye maswali 3,000, ukifanya 40 kwa siku, siku tano kwa wiki, inakula wiki 15. Muda usipotosha, sogeza tarehe ya mtihani. Ukijitwika 80 kwa siku utayamaliza, lakini hutayapitia.

Pili, fanya yote 40 kwa mkao mmoja, dakika 60, maelezo yakiwa yamefichwa. Usiyafanyie kwenye feri, matano leo matano kesho. Huko mimi nilisoma daftari tu.

Tatu ni kupitia, na hapa ndipo kazi ilipo. Tenga saa mbili. Kwa kila ulilokosa, andika sentensi moja: nini kilikupotosha. Nikupe langu. Mgonjwa wa kisukari anahema, pH 7.08, HCO3 10, PCO2 35. Nikaona PCO2 iko chini ya 40, nikajibu kwamba ni asidi ya kimetaboliki na mapafu yamefidia. Kosa! Hesabu ni hii:

```
PCO2 inayotarajiwa = 1.5 × HCO3 + 8 (± 2)
1.5 × 10 + 8 = 23
```

Mapafu yangekuwa yanafidia sawasawa, PCO2 ingekuwa kati ya 21 na 25. Kwa 35, hewa chafu inabaki mwilini. Kuna tatizo la pili, la upumuaji, na mgonjwa huyo anakaribia kuchoka. Daftarini sikuandika "soma asidi na besi", maana hiyo haimsaidii mtu. Niliandika: "HCO3 ikishuka, usitazame 40, tafuta PCO2 inayotarajiwa."

Nne, Jumamosi, baada ya mahamri na mbaazi, funika majibu urudie makosa ya wiki nzima. Usiridhike na kuchagua herufi sahihi; sema kwa sauti kwa nini kila jibu jingine halifai. Kisha badilisha namba: HCO3 ikiwa 16, utarajie ngapi? (32.) Ulilokosa tena linaingia Jumamosi ijayo, ulilopata linarudi baada ya wiki nne. Jumapili pumzika.

Wiki za mwanzo unaweza kwenda kwa mfumo mmoja mmoja, figo kisha moyo. Kuanzia wiki ya tano hivi changanya, kwa sababu ukijua leo ni figo tupu, nusu ya jibu umeshapewa.

Jihadhari na asilimia zinazopanda ghafla unaporudia benki. Mimi nilifurahia 85, hadi nilipojishika nikijibu swali la moyo kabla sijamaliza mstari wa pili: nilikuwa nimeikariri picha ya eksirei. Siku hiyo nikachukua seti ya majaribio ambayo sijawahi kuiona, nikapata 64. Hiyo 64 ndiyo niliyoiandika ukutani.