Posti ya kliniki: badala ya "karibuni sana", mwambie mtu aweke nafasi leo

Wadau mnaoendesha kurasa za kliniki, hasa hizi za mtaani ambapo dada wa mapokezi ndo huyo huyo anapokea simu, anaandika risiti na kujibu WhatsApp, leo tushike kitu kimoja tu: ule mstari wa mwisho wa posti, yaani mwito unaomwambia msomaji afanye nini. Kurasa nyingi utakuta picha safi, maelezo ya ugonjwa yameandikwa vizuri kabisa, halafu mwisho "Karibuni sana, afya yako ni kipaumbele chetu", basi, imeisha. Mtu kasoma, kakubaliana na wewe, kaweka laiki, kaendelea na video ya mpira. Hajakataa kuja, ila hamna aliyemwambia sasa hivi afanye nini.

Nitatumia mfano wa kliniki ya meno, tuseme iko Tabata, inataka watu waje kusafisha meno. Nimechagua kusafisha meno makusudi kwa sababu jino linalouma linamleta mtu lenyewe hata bila posti, ila ugaga hauumi, kila siku mtu anasema nitaenda wiki ijayo, na hapo ndo mwito wako una kazi ya kufanya.

Kwanza ujue kwa nini inafanya kazi

Mwaka 1965 mtafiti mmoja Marekani, Howard Leventhal, na wenzake walitaka wanafunzi wa chuo cha Yale wakachome chanjo ya pepopunda. Waliwapa vijitabu, vingine vya kutisha vyenye picha mbaya za wagonjwa, vingine vya upole. Waliotishwa walisema wana nia kubwa zaidi ya kuchanja, lakini ilipofika kwenye kwenda kweli, kutishwa hakukuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni kingine: baadhi yao walipewa pia ramani ya chuo chao wenyewe, jengo la huduma za afya limeonyeshwa, saa za chanjo zimeandikwa, na wakaombwa waangalie ratiba yao ya wiki waone ni lini watapita pale. Wasiopewa hivyo walienda kama asilimia 3. Waliopewa, karibu asilimia 28.

Sasa angalia posti zetu. Tunamwaga nguvu kwenye kutisha, picha za fizi zinazotoka damu, meno yameoza, halafu ile sehemu ya ramani na saa ndo tunaiacha. Na ujue "karibuni" inamwachia msomaji maswali yote peke yake: nije lini, nipige au nije tu, nitakaa foleni masaa mangapi, bima yangu wanapokea? Yote hayo anatakiwa ayatatue saa tatu usiku akiwa kitandani na simu, kwa hiyo anaahirisha. Ukimwambia weka nafasi leo kwa meseji moja, umempa kitu anachoweza kukimaliza hapo hapo bila kunyanyuka.

Hatua ya 1: anzia mapokezi, kapsheni baadaye

Kabla hujaandika neno muulize dada wa mapokezi, viti viko wazi lini? Kliniki nyingi Jumamosi imejaa mpaka watu wanasimama, ila katikati ya wiki asubuhi daktari anasubiri wagonjwa. Kwa mfano wetu tuseme Jumanne mpaka Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kusafisha mtu mmoja unaweka nusu saa au dakika 45 kutegemea ugaga ulivyo. Basi hizo ndo nafasi unazouza. Ukiandika "weka nafasi leo" bila kujua nafasi ziko wapi, watu wote wataomba Jumamosi, utawajibu imejaa, na hawatauliza tena.

Halafu chagua huduma moja. Posti yenye kung'oa, kuziba, kusafisha, kupanga meno na meno ya bandia yote kwa pamoja huwezi kuiwekea mwito mmoja unaoeleweka, kwa sababu msomaji hajui wewe unamuita kwa lipi.

Hatua ya 2: andika mwito wenyewe

Mwito uwe na vitu vinne: tendo, huduma, siku, na njia. Uwe wa kumwambia mtu mmoja, sio umati. Linganisha:

Wa zamani: "Kwa huduma bora za kinywa na meno tutembelee. Karibuni wote."

Mpya: "Weka nafasi yako ya kusafisha meno leo. Tuna nafasi Jumanne hadi Alhamisi, saa 3 mpaka saa 6 asubuhi. Bonyeza linki, tuandikie siku unayotaka, tutakujibu na saa yako."

Sehemu ninayoipenda hapo ni "tutakujibu na saa yako". Mtu anajua meseji yake itamrudishia nini. Na neno "leo" limekaa kwenye kuweka nafasi, sio kwenye kuja, hilo wengi wanalichanganya. "Njoo leo" inamfukuza mtu aliyeko kazini, ila kuweka nafasi leo ya kuja Alhamisi kila mtu anaweza. Bei kama kliniki imekuruhusu iweke, kama hairuhusu basi sema inaanzia ngapi, maana usipoiweka nusu ya meseji zitakuwa "shilingi ngapi" tu. Bima mnazopokea nazo zitaje kwa jina.

Usiweke miito miwili. Ukisema laiki, shea, tufolo, piga simu na weka nafasi, mtu atachagua ile rahisi kuliko zote, atalaiki, na ataona ameshamaliza.

Hatua ya 3: mlango uwe mfupi

Tengeneza linki ya WhatsApp ambayo ikibonyezwa meseji inakuwa imeshaandikwa tayari, mteja kazi yake kumalizia siku anayotaka na kutuma tu:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%20naomba%20nafasi%20ya%20kusafisha%20meno%20siku%20ya
```

Namba inaanza na 255, hamna alama ya kujumlisha, hamna sifuri ya mbele, hamna nafasi katikati. Hiyo `%20` ndo nafasi kati ya neno na neno. Ukimaliza mpe mtu mwingine aibonyeze kwenye simu yake kabla hujaposti, maana namba ikikosewa tarakimu moja posti nzima imepotea na hutajua.

Facebook linki ukiiweka kwenye posti inabonyezeka. Instagram kwenye kapsheni haibonyezeki, inakaa kama maandishi tu, kwa hiyo iweke kwenye baio au kwenye stori kwa stika ya linki, na kwenye kapsheni sema "linki iko juu kwenye baio". Pia kapsheni ndefu inakatwa baada ya mistari michache, kwa hiyo mwito ukiwa chini kabisa wengi hawaufikii. Mimi naweka sentensi fupi ya mwito mstari wa kwanza, nauweka na kwenye picha yenyewe kwa maandishi makubwa, halafu narudia mwisho na maelezo kamili.

Hatua ya 4: upande wa pili wa linki

Hapa ndo kazi nyingi nzuri zinafia. Posti imesema weka nafasi leo, mtu katuma meseji saa tatu usiku, kajibiwa kesho yake saa tano "Habari, tukusaidie nini?". Wakati aliandika kabisa anataka nini! Kwenye WhatsApp Business ingia `Business tools`, washa `Greeting message` iseme hivi: "Asante, ombi lako tumelipata. Tutakujibu na saa yako kesho kabla ya saa 3 asubuhi. Kama una maumivu makali au uvimbe usisubiri, piga namba hii." Kumbuka hiyo inajituma kwa anayeandika mara ya kwanza au ambaye mmekaa siku 14 bila kuwasiliana, kwa hiyo mteja wa juzi hataipata, huyo ajibiwe na mtu. Kwa masaa mliyofunga washa pia `Away message`.

Majibu ya dada wa mapokezi nayo yaandaliwe kwenye `Quick replies`, na yasiulize "unataka lini?", yatoe saa mbili achague: "Jumatano saa 3:30 au Alhamisi saa 5:00, ipi inakufaa?" Akishachagua tuma uthibitisho wenye jina, siku, saa, alama ya kufikia kama vile karibu na kituo gani cha daladala, na aje na kadi ya bima. Hii ndo ile ramani ya Yale kwa mazingira yetu. Siku moja kabla mkumbushe, na umwambie kama hawezi ajibu mpange siku nyingine.

Mipaka ya kuzingatia

Usiweke "zimebaki nafasi 3 tu" kama sio kweli. Mgonjwa akija akakuta viti vitupu hatawaamini hata kwenye dawa mtakayomwandikia.

Usiwaambie watu waandike dalili zao kwenye komenti. Taarifa za afya ni nyeti, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Akitokea mtu kaandika mwenyewe, mjibu kwa upole mhamie inboksi. Huduma kama kupima VVU au uzazi wa mpango, linki yenye meseji iliyotaja huduma inaweza kumletea mtu shida nyumbani simu ikishikwa na mwingine, hapo iache iseme "naomba nafasi" tu.

Na kama unalipia tangazo Facebook au Instagram, usianze na "Je, wewe una fizi zinazotoka damu?", Meta hawaruhusu tangazo linaloonyesha kama unajua hali ya afya ya msomaji, wanalikataa. Sema huduma: "Tunasafisha meno na kutibu fizi, weka nafasi leo."

Hatua ya 5: pima kwa waliokaa kwenye kiti

Laiki zinaweza hata kupungua kwa posti ya namna hii, usishtuke. Tengeneza linki mbili zenye meseji tofauti kidogo, ya Facebook ianze na "(F)" na ya Instagram "(I)", utajua nani katoka wapi. Kisha kila wiki andika namba tatu kwenye daftari: waliotuma meseji, waliopangiwa saa, waliofika.

Tuseme wametuma 20, wamepangiwa 6, wamefika 5. Hapo posti haina shida, shida iko kwenye majibu, ama mnachelewa ama bei wanaisikia kwa mara ya kwanza mle ndani, soma zile meseji 14 uone zinaishia wapi. Wakituma 20, wakapangiwa 16, wakafika 6, angalia ukumbusho, na angalia kama siku mnazowapangia ziko mbali sana. Na wakituma 2 tu wakati posti imeonwa na watu wengi, ndo urudi kwenye mwito, ubadilishe kitu kimoja, siku au njia, uache picha ile ile, uposti tena wiki inayofuata saa ile ile ulinganishe.