Somo: Kuandika waraka wa kuunganisha idara mbili

Tuchukue mfano: Idara ya Manunuzi (watumishi 9) na Idara ya Ghala (watumishi 14) zinakuwa Idara ya Ugavi. Kabla waraka haujatoka, wakuu wote wawili waelezwe ana kwa ana. Anayeacha ukuu asisome habari zake kwenye ubao wa matangazo.

Hatua ya 1: Jambo lenyewe kwanza. "Kuanzia 1 Julai, Idara ya Manunuzi na Idara ya Ghala zitakuwa Idara ya Ugavi, chini ya Mkuu wa Ugavi." Sababu zifuate, sentensi mbili zinatosha.

Hatua ya 2: Nani anaripoti kwa nani. Hapa ndipo waraka mwingi huharibika. "Watumishi wataripoti kwa uongozi mpya" haimwambii mtunza ghala nani atamsainia fomu ya likizo. Andika: "Watunza ghala wataripoti kwa Msimamizi wa Ghala; yeye ataripoti kwa Mkuu wa Ugavi." Kisha shika orodha ya watu wote 23 na umtafutie kila mmoja msimamizi wake humo kwenye waraka. Ukikwama hata kwa mmoja, usiutoe. Mara nyingi anayesahaulika ni karani aliyehudumia idara zote mbili, au aliye likizo ya uzazi.

Hatua ya 3: Tarehe. Usimamizi unaweza kubadilika 1 Julai na ofisi zikahama 15 Julai. Zitaje zote mbili. Usiache maombi yaliyo njiani yaning'inie: "Maombi ya likizo yaliyowasilishwa hadi 30 Juni yataamuliwa na msimamizi wa sasa. Likizo iliyokwisha kuidhinishwa haiombwi upya."

Hatua ya 4: Yasiyobadilika. Yataje kwa majina: mshahara, daraja, tarehe ya kuajiriwa, siku za likizo zilizobaki, kituo cha kazi. Utumishi na uhasibu wathibitishe kila kimoja. Usiandike "hakuna kitakachobadilika", maana hatua ya 2 imeshasema kinyume. Kama zamu bado zinajadiliwa, sema hivyo na utaje siku ya jibu.

Maswali yanayoulizwa

*Tuandike kwamba hakuna atakayepunguzwa kazi?*
Ikiwa tu uongozi umeamua hivyo na uko tayari kutia saini. Kama haujaamua, taja lini uamuzi utatolewa. Ukikaa kimya, watu watajijibu wenyewe, na watajijibu vibaya.

*Mkuu wa Ghala anakuwa Msimamizi wa Ghala. Tumwelezeje?*
Kwenye waraka taja cheo kipya na majukumu, basi. Masharti yake yazungumzwe naye na yaandikwe kwenye barua yake binafsi, kwa ridhaa yake. Waraka wa wote haubadilishi mkataba wa mtu.

*Tathmini ya mwaka ataijaza nani?*
Msimamizi wa zamani aandike na kusaini maoni ya Januari hadi Juni kabla hajakabidhi. Mpya aanzie Julai. Bila hivyo, Desemba atampima mtu kwa miezi sita ambayo hakuiona.