Nge kamuuma mtoto usiku: mambo ya kuweka tayari kabla

Mvua zinapoanza Lubumbashi, kuelekea Novemba, nge na tandu huhama mashimo yao na kuingia ndani. Hukaa chini ya matofali, nyuma ya gunia la makala, ndani ya kiatu kilicholala barazani. Viatu vikung'utwe kila asubuhi. Gunia la makala likae mbali na godoro la watoto. Tochi iwe na betri zinazofanya kazi. Na ukiweza kuazima ile taa ndogo wanayotumia wabadilishaji pesa kukagua dola, jaribu usiku mmoja kumulika kuta: chini ya mwanga ule nge hung'aa kijani, utamwona kabla hajakuona.

Sasa dawa. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mpime mtoto uzito leo, siyo siku ya kilio, kisha andika kilo zake kwenye karatasi na uibandike kwenye chupa ya siropu ya parasetamoli. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, kisizidi mara 4 kwa siku nzima. Chukua mtoto wa miaka mitatu, wa komini ya Kenya au Katuba, mwenye kilo 12: anahitaji miligramu 180. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Lakini farmasi huuza pia siropu ya miligramu 250 kwa mililita 5. Mama akipima mililita 7.5 zilezile kwa chupa hiyo, mtoto amekunywa miligramu 375, maradufu ya haki yake. Na kwa kuwa maumivu ya nge hayatulii upesi, baada ya saa mbili atampa tena. Hapo ini ndilo linaloumia. Soma chupa, pima kwa seringi isiyo na sindano, andika saa uliyompa. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Akiumwa mkononi au mguuni, vua kwanza bangili, pete, kamba ya kifundo cha mguu, kiatu, kabla uvimbe haujavibana. Osha kwa sabuni. Kama ni nge, weka kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa ndani ya nguo, dakika 10, toa, rudia. Kama ni tandu, utaona alama mbili ndogo zilizokaribiana, na hapo maji ya moto husaidia zaidi: yawe ya moto ambayo mkono wako mwenyewe unaweza kukaa ndani bila kuutoa, nusu saa. Wewe ndiye uyajaribu, siyo mtoto. Maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye mbabula yameshaunguza miguu mingi ambayo nge hakuidhuru. Usifunge kamba, usichanje, usimwagie petroli. Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Linachofanya ni kula saa ambayo mngekuwa njiani. Na kama hamkumwona mdudu, mchukulieni kama ameumwa na nyoka: nendeni kituoni mara moja.

Kwenye kituo cha afya wanaweza kuchoma lidokaini karibu na jeraha, na maumivu hupoa ndani ya dakika chache. Waambie kilo zake. Mguu uliokufa ganzi usiutie tena kwenye maji ya moto, maana hatasikia akiungua.

Kinachowadanganya wazazi ni jeraha lenyewe. Sumu ya nge hatari hushika mishipa ya fahamu, hivyo mguu unaweza kuonekana mzima, bila uvimbe wala wekundu, huku mwili wote ukiharibika. Usimtazame mguu, mtazame mtoto. Mate yanayomwagika, jasho jingi, kutapika, macho yanayozunguka ovyo, misuli inayorukaruka, mikono na miguu ya baridi, kupumua kwa shida, degedege. Kwa mtoto wa kiume, uume uliosimama bila kulegea. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha kuondoka, bila kungoja ya pili. Vipele vya ghafla na midomo kuvimba ni hatari ya dakika, siyo ya saa. Mtoto aliyelia sana kisha akanyamaza ghafla, mwamshe: akilegea bila kukujibu, huo siyo usingizi wa nafuu.

Aliye chini ya miaka mitano apelekwe hata kama anacheza, akae chini ya macho ya infirmiye saa 6 hivi. Kwa hiyo weka kando franga za pikipiki au takisi ya usiku, ujue ni jirani yupi ana gari, na kituo kipi hufungua baada ya saa sita za usiku. Ulizia pia chanjo ya pepopunda kama imekamilika. Na usimbebe nge mzima kwenye chupa ya plastiki kumwonyesha muganga. Mpige picha, umwache.